Poti inayopanda na kushuka: soma saa za logi kabla ya kugusa taima

Malalamiko huja kwa maneno mengi: "intaneti inakatika", "simu ya mezani imezima", "programu ya mahesabu imenitoa tena". Ukiingia kwenye swichi unakuta jambo moja: poti inashuka, inapanda, inashuka tena. Hapo fundi wengi hukimbilia kutafuta amri ya kuinyamazisha. Zipo amri hizo, na ni nzuri, lakini kila moja imetengenezwa kwa urefu fulani wa muda. Ukiiweka bila kujua poti yako inakaa chini kwa muda gani, na inashuka kila baada ya muda gani, ama haitafanya kitu, ama itaficha kebo mbovu hadi siku itakapokufa kabisa.

Kwa hiyo tuanze na saa. Mifano hapa ni ya swichi za Cisco Catalyst kwa sababu ndizo nyingi kwenye makabati ya ofisi, lakini mantiki ni ile ile kwa swichi nyingine.

Pata namba mbili kutoka kwenye logi

Hakikisha kwanza logi inaandika milisekunde. Bila hivyo kazi nzima ni ya kubahatisha.

```
service timestamps log datetime msec localtime
```

Kisha acha poti ifanye vituko vyake kwa siku nzima, mchana na usiku. Usiguse kebo bado. Baada ya hapo toa mistari ya poti hiyo:

```
show logging | include 1/0/14
```

Tuchukue mfano wa ofisi yenye poti mbili zinazolalamikiwa kwa maneno yale yale, ya 14 na ya 22. Poti ya 14 inaonyesha hivi:

```
Mar 4 09:12:41.218: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet1/0/14, changed state to down
Mar 4 09:12:44.390: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet1/0/14, changed state to up
Mar 4 09:12:45.902: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet1/0/14, changed state to down
Mar 4 09:12:49.115: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet1/0/14, changed state to up
```

Namba ya kwanza ni muda wa kukaa chini: sekunde tatu na kidogo kila mara. Namba ya pili ni nafasi kati ya kushuka kumoja na kushuka kunakofuata: hapa ni kama sekunde tano, kisha kimya cha dakika arobaini, kisha mkupuo mwingine. Poti ya 22 nayo hukaa chini sekunde tatu hivi, lakini haishuki kwa mikupuo. Inashuka mara moja, inapanda, inatulia kwa saa nzima au zaidi, inashuka tena. Na mistari yake karibu yote ni ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na saa ya chakula cha mchana.

Mtumiaji wa poti ya 14 atakuapia kwamba mtandao unakatika nusu dakika, si sekunde tatu, na anasema kweli. Kama poti haina `spanning-tree portfast`, kila inapopanda swichi huishikilia sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kupitisha data. Kuweka portfast kwenye poti ya kompyuta kutapunguza maumivu mara moja. Ugonjwa utabaki vile vile, lakini angalau utakuwa unachunguza ugonjwa mmoja badala ya miwili.

Dalili: inashuka wakati watu wako kazini, kwa mikupuo, na makosa yanaongezeka

Hii ni poti ya 14, na mshukiwa ni plagi au soketi. Usitegemee macho tu; uliza swichi.

```
show interfaces gi1/0/14 counters errors
```

Angalia safu ya `FCS-Err`. Poti nzima hukaa kwenye sifuri wiki baada ya wiki. Ikiwa namba inapanda kila unaporudia amri, waya unapokea data iliyoharibika hata wakati poti iko juu. Hiyo ni alama ya mguso dhaifu: pini inagusa, inaachia kidogo, inagusa tena.

Dalili ya pili ni kasi. Gigabiti juu ya shaba inahitaji jozi zote nne za waya, ilhali megabiti 100 inaridhika na jozi mbili, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo poti ambayo jana ilikuwa `a-1000` na leo imerudi ikiwa `a-100` inakuambia kitu mahususi: nenda katazame pini 4, 5, 7 na 8. Amri ya `show interfaces status` inatosha kuliona hilo.

Kama kwenye poti kuna simu au kamera inayopata umeme kupitia kebo, tafuta pia ujumbe wa `%ILPOWER-5-IEEE_DISCONNECT`. Swichi hukata umeme wa PoE ikiwa haioni matumizi kwa takribani milisekunde 300 hadi 400. Mguso ukiachia kwa muda huo kifaa kinazima na kuanza upya, na muda wa kukaa chini unaruka kutoka sekunde tatu hadi dakika nzima au zaidi. Ndiyo maana kamera na kompyuta zilizo kwenye plagi mbovu za aina ile ile huonekana kama zina magonjwa tofauti.

Sasa gusa kebo. Mtu mmoja aangalie logi, mwingine ashike plagi upande wa swichi na kuisukuma taratibu kushoto na kulia, kisha vivyo hivyo kwenye soketi ya ukutani, kisha kwenye kompyuta. Poti ikishuka unapogusa sehemu moja tu, umemaliza kutafuta. Ukitaka kipimo kabla ya kupanda dari, swichi nyingi zinaweza kupima kebo zenyewe:

```
test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/14
show cable-diagnostics tdr interface gi1/0/14
```

Kipimo hiki hukata mawasiliano kwa sekunde chache, basi mwambie mwenye kompyuta kwanza. Pia kinaona hali ya wakati ule tu: mguso unaoachia mara chache unaweza kupita kipimo ukiwa mzima. Jibu la `Normal` halimsafishi mshukiwa.

Sababu tatu hujirudia sana. Klipu ya plagi imevunjika, plagi inarudi nyuma kidogo kidogo kwa uzito wa kebo. Au plagi iliyobanwa ni ya waya wa nyuzi nyingi wakati kebo ni ya waya mmoja mmoja mgumu. Meno ya plagi hayashiki vizuri, na kazi iliyopita kipimo siku ya kwanza inaanza kulegea baada ya miezi. Au kebo yenyewe ni alumini iliyopakwa shaba, ile inayouzwa kwa bei rahisi madukani. Alumini hukatika ikikunjwa na hulegea chini ya meno ya plagi. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu: ndani pakiwa peupe, badilisha kebo yote, kubana plagi mpya juu yake ni kujipangia safari nyingine. Karibu na bahari ongeza kutu ya chumvi kwenye pini za soketi, hasa kwenye vyumba visivyo na kiyoyozi.

Dalili: inashuka wakati hakuna anayetumia, na makosa hayaongezeki

Poti ya 22 ina `FCS-Err` sifuri, kasi yake haibadiliki, na ukitikisa plagi haijali. Inashuka tu pale data inapopungua. Hapa mshukiwa ni kipengele cha kuokoa umeme, ambacho jina lake kwenye skrini ni EEE, cha kiwango cha IEEE 802.3az cha mwaka 2010.

Kinafanya kazi hivi. Pasipo data ya kutuma, kadi ya mtandao hulaza sehemu ya saketi zake na kutuma ishara fupi kila baada ya muda ili upande wa pili usipoteze mapigo. Data ikija, inaamka ndani ya mikrosekunde; kwa gigabiti juu ya shaba ni mikrosekunde 16.5. Pande zote mbili zikifuata kiwango sawasawa hakuna anayeona chochote. Lakini upande mmoja ukishindwa kushika mapigo wakati wa kimya, unahesabu kuwa linki imekufa, unaiangusha, na mazungumzo ya kasi yanaanza upya. Kwa kuwa kimya ndicho kinachoichokoza, mtu akiketi na kuanza kupima kwa kupakua faili kubwa, tatizo linatoweka mbele ya macho yake. Hii ndiyo sababu poti za aina hii hubadilishiwa kebo mara nyingi bila faida.

Kabla ya kulaumu EEE, toa kwanza jambo moja la kawaida. Kompyuta inayolala huku ikisubiri kuamshwa kwa mtandao hushusha kasi ya kadi yake hadi megabiti 10 au 100, na hiyo inaonekana kwenye logi kama kushuka na kupanda mara moja jioni, kisha mara moja asubuhi. Mishuko miwili kwa siku yenye mabadiliko ya kasi si ugonjwa. Iache.

Ili kupima EEE, zima upande mmoja tu. Pande mbili hukubaliana kuitumia, hivyo mmoja akikataa haipo. Ni rahisi kuzima kwenye swichi, na poti itashuka mara moja ya mwisho amri inapoingia:

```
interface gi1/0/22
 no power efficient-ethernet auto
```

Kama upande wa pili ni seva ya Linux, unaweza kutazama na kuzima huko:

```
ethtool --show-eee eth0
ethtool --set-eee eth0 eee off
cat /sys/class/net/eth0/carrier_changes
```

Namba ya mwisho inahesabu mara ambazo linki imebadilika hali tangu kadi ilipowashwa. Iandike jioni, itazame asubuhi. Isipopanda kwa usiku kadhaa, na ukiwasha EEE inapanda tena, umethibitisha. Hatua ya kurudi na kuwasha wengi huiruka, na hapo ndipo makosa huingia, kwa sababu poti ingeweza kutulia kwa sababu nyingine kabisa.

Kuna mpaka mmoja. Kebo iliyo ukingoni, ndefu mno au yenye plagi hafifu, inaweza kuhimili data mfululizo lakini ikashindwa wakati wa kuamka. Ukizima EEE inatulia, na udhaifu wa kebo unabaki. Kwa hiyo poti ikiponywa na amri hii, ibadilishie pia waya mfupi wa kwenye kabati, halafu jaribu EEE tena. Usipotaka kuhangaika, iache imezimwa: unachopoteza ni chini ya wati moja kwa poti.

Kwa nini `debounce` haitakusaidia kwenye poti hizi mbili

Taima ya `debounce` inaiambia swichi: ukiona linki imekatika, subiri kidogo kabla ya kutangaza, ikirudi ndani ya muda huo, usiseme kitu. Kwenye swichi za Nexus muda wa kawaida ni milisekunde 100, na unabadilishwa kwa amri hii kwenye poti:

```
link debounce time 300
```

Sasa linganisha milisekunde 300 na sekunde tatu za poti ya 14. Mguso wenyewe huenda uliachia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kwenye gigabiti ya shaba, chipu ya poti kwa kiwango chake husubiri hadi milisekunde 750 kabla ya kukiri kwamba linki imevunjika. Ikishakiri, hairudi palepale: inanyamaza kwa zaidi ya sekunde moja kwa makusudi ili upande wa pili nao uone, kisha pande mbili zinaanza kujadili kasi upya. Ndipo zinapotimia sekunde mbili, tatu au nne. Taima fupi kuliko hapo inaisha kabla linki haijarudi, na ujumbe unatangazwa kama kawaida, umechelewa tu.

Kuiweka hadi sekunde tano ili kufunika yote ni vibaya zaidi. Kwa sekunde hizo tano swichi inaamini poti iko hai na inaendelea kusukuma data kwenye waya uliokufa. Kwenye kiungo cha gigabiti 10 kilichojaa, hata milisekunde 300 ni megabaiti 375 zinazopotea, na njia mbadala iliyopo pembeni haitumiki.

Mahali `debounce` inapofaa ni kwenye nyuzi za mwanga zinazopita katika mtandao wa mtoa huduma wenye njia ya akiba. Mitandao hiyo hubadilisha njia ndani ya takribani milisekunde 50. Mwanga unazimika, unarudi, na hakuna mjadala mrefu wa kasi. Milisekunde 100 zinafunika tukio lote, na ruta hazijui kilichotokea.

Kwa nini adhabu za kawaida hazikamati plagi iliyolegea

Kutuliza kwa adhabu, amri ya `dampening`, kunajibu swali jingine: poti ikishuka mara ngapi tuache kuiamini? Kwenye ruta za Cisco kila kushuka huongeza alama 1000. Alama hupungua nusu kila baada ya sekunde 5. Zikivuka 2000, itifaki za ruti zinaambiwa poti iko chini hata kama waya uko juu. Zikishuka hadi 1000 inaaminiwa tena. Inafanya kazi kwenye poti zenye anwani ya IP, si poti ya kawaida ya swichi.

Tufanye hesabu kwa kiungo kati ya majengo mawili kinachoshuka kila sekunde 4. Mara ya kwanza ni 1000. Sekunde 4 baadaye zimebaki 574, ongeza 1000, ni 1574. Tena: 904 na 1000, ni 1904. Mara ya nne: 1093 na 1000, ni 2093. Imevuka, imezuiwa, na ikitulia itaachiwa baada ya sekunde tano na kidogo.

Sasa kifanye kishuke kila sekunde 5. Alama zinapungua nusu kamili kila mara: 1000, 1500, 1750, 1875. Zinasogelea 2000 bila kuivuka kamwe. Yaani kwa thamani za kawaida, kiungo kinachoshuka kila sekunde 5 au zaidi hakizuiliwi hata siku moja. Plagi iliyolegea kwenye chumba chenye jenereta inaweza kushuka kila dakika, na ruta zote zikahesabu njia upya kila dakika, huku `dampening` imewashwa na imekaa kimya.

Kwa mshuko wa kila dakika lazima kumbukumbu irefushwe. Nusu-maisha ya juu kabisa inayokubaliwa ni sekunde 30, hivyo vizingiti navyo vishushwe:

```
interface gi0/1
 dampening 30 250 1200 120
```

Mpangilio wake ni nusu-maisha, alama za kuachia, alama za kuzuia, na muda wa juu wa kuzuia. Kushuka kwa kwanza ni 1000. Dakika moja baadaye zimebaki 250, ongeza 1000, ni 1250: imezuiwa mara ya pili tu. Ili iachiwe inahitaji kama sekunde 70 za utulivu, na kwa kuwa inashuka tena baada ya 60, inabaki imezuiwa hadi mtu aende kuitengeneza. Ikishatengenezwa inarudi yenyewe ndani ya muda wa zaidi kidogo ya dakika.

Kuna mtego kwenye namba ya mwisho. Alama zina dari, ambayo ni alama za kuachia zikizidishwa kwa mbili mara nyingi kadiri nusu-maisha zinavyoingia kwenye muda wa juu. Hapa ni mara nne, dari ni 4000. Ungeandika 60 badala ya 120, dari ingekuwa 1000, chini ya 1200 ya kuzuia, na poti isingezuiwa milele. Thibitisha kwa `show interface dampening`.

Kwa poti za kawaida za swichi kama ya 14, chombo ni kingine: `errdisable`, ambayo kwa kawaida huzima poti ikidunda mara 5 ndani ya sekunde 10. Kwa mshuko wa kila dakika hiyo nayo ni kipofu. Unaweza kuipanua ili ikamate mikupuo yenye mishuko mitano ndani ya dakika, ingawa mshuko mmoja kwa dakika bado itaukosa:

```
errdisable flap-setting cause link-flap max-flaps 5 time 60
errdisable recovery cause link-flap
errdisable recovery interval 300
```

Acha muda wa kurejesha kwenye sekunde 300 za kawaida. Ukiweka 30, poti yenye plagi mbovu inarudi kudunda karibu mara tu inapozimwa, na mtumiaji anaona mtandao unaowaka na kuzima, jambo baya kuliko mtandao uliozimika na kumleta fundi. Ukumbuke pia kwamba mpangilio huu ni wa swichi nzima: chumba chenye kompyuta nyingi zinazowashwa upya kwa pamoja hakitaathirika, kwa sababu kila poti inahesabiwa peke yake, lakini kifaa kinachoanza kwa kupandisha na kushusha linki mara kadhaa kinaweza kuangukia humo.

Kwenye ofisi ya mfano wetu, poti ya 14 ilihitaji plagi mpya upande wa ukutani na portfast. Ya 22 ilihitaji EEE izimwe na waya mfupi ubadilishwe. Taima zote ziliachwa kwenye thamani zake isipokuwa `errdisable`, iliyopanuliwa hadi sekunde 60 ili plagi nyingine itakayolegea ijitokeze kwenye logi kwa ujumbe wa `%PM-4-ERR_DISABLE` kabla simu za malalamiko hazijaanza.